Tuandike Tukiwa Bado Tunacheka

Marafiki zangu wawili waliponiita niwaandikie mkataba, walikuwa wameshachagua jina la hoteli, rangi ya ukuta na mahali pa kuweka ndoo ya kunawia mikono. Kilichobaki, walisema, ni karatasi tu. Walitaka ukurasa mmoja wenye majina mawili, tarehe na sahihi, basi. Mimi si wakili. Niliacha chuo mwaka wa pili na sasa naishi kwa kuwaandikia watu. Lakini hapa Garsen mtu anayeonekana na kompyuta huhesabiwa nusu wakili, na marafiki hawa hawakuwa na pesa za kumlipa wakili mzima.

Nitawaita Mpishi na Mfugaji, maana majina yao si yangu kuyatoa. Mpishi ni Mpokomo. Amepika Malindi miaka kadhaa, na samaki wa kupaka wa mkono wake unaweza kumfanya dereva wa lori asahau safari. Mfugaji ni Muorma, na pesa alizoleta zilitokana na ng'ombe sita wa nyumbani kwao waliouzwa mnadani. Hoteli yenyewe ni hoteli ya maana yetu, mahali pa kula, si pa kulala: chai ya maziwa na mahamri asubuhi, wali, nyama na samaki mchana, chapati usiku. Wateja ni watu wa mjini na abiria wanaopita kwenda Lamu, Hola, Malindi au Mombasa.

Swali langu la kwanza lilikuwa, "Mmoja wenu akitaka kutoka, itakuwaje?"

Mpishi akacheka. Mfugaji hakucheka. "Kwani wewe tumekuita utuoze au utuachanishe?" akaniuliza.

Nimeendelea kulifikiria swali lake tangu siku ile, kwa sababu si la kijinga. Kuna kitu kibaya kidogo katika kumkalisha rafiki chini na kumwambia: hebu tuandike jinsi nitakavyokuacha. Je, si kumtukana? Na kama urafiki wenu hauwezi kubeba sufuria mbili na friji bila karatasi, ni urafiki gani huo?

Huku kwetu swali hilo lina uzito zaidi. Katika mapigano ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 kwenye delta ya Tana, zaidi ya watu mia moja waliuawa, Wapokomo na Waorma. Marafiki hawa walikuwa vijana wadogo wakati huo. Wakigombana leo kuhusu pesa, watu hawatasema Mpishi na Mfugaji wamegombana. Watataja makabila. Kwa hiyo mkataba wao mbaya ungeweza kuwa na gharama kubwa kuliko laki nne walizoweka.

*

Waswahili wana jibu lao la haraka: kuandikiana si kutoaminiana. Nililitoa pale mezani, na kama kawaida ya methali, lilinyamazisha watu bila kuwashawishi. Hata mimi halikunitosha. Kama kuandikiana si kutoaminiana, basi ni nini?

Waislamu wana jibu refu zaidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, haihusu vita wala pepo. Inahusu kuandika madeni: awepo mwandishi, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuandika jambo, liwe dogo au kubwa. Mfugaji aliijua aya hiyo tangu madrasa. Alichokuwa hajakifikiria ni kwamba haikuwabagua marafiki. Haisemi muandikiane na wageni tu.

Jibu lililonisaidia mimi zaidi lilitoka kwa Mgiriki wa kale, Aristotle, katika kitabu chake cha maadili. Anasema urafiki wa kufaana huwa wa namna mbili. Upo wa masharti, kama wa sokoni, ambapo kila mtu anajua anatoa nini na atapata nini. Na upo wa kuachiana, ambapo mtu hutoa kama anayetoa zawadi. Malalamiko, anasema, huzuka hasa pale watu wanapoingia kwa namna moja na kutoka kwa namna nyingine. Umetoa kama zawadi, kisha siku ya kuachana unadai kama mkopo.

Nikatazama nyuma ugomvi wote wa biashara niliowahi kuushuhudia, na karibu wote ulikuwa huo. "Mimi ndiye nilikuwa naamka saa kumi alfajiri." "Mimi nilikulipia kodi miezi miwili nikanyamaza." Wakati yanafanyika, mambo hayo yalikuwa hisani. Siku ya kuachana yanageuzwa kuwa hesabu, na hakuna aliyejua kwamba yalikuwa yanahesabiwa.

Hapo nikaona kazi ya mkataba. Wengi hudhani unalinda pesa dhidi ya rafiki mbaya. Mimi naona kazi yake kubwa ni kutenganisha kilicho deni na kilicho hisani, tena mapema, kabla moyo haujaanza kudanganya kumbukumbu. Basi tukaanza kutenganisha.

*

Tulianza na mtaji. Mfugaji aliweka shilingi 300,000 taslimu. Mpishi aliweka 60,000 taslimu, na pia friji lake kubwa, jiko la gesi na sufuria zake. Vitu hivi vilikuwa mtego wa kwanza. Mpishi alikumbuka bei aliyonunulia, Mfugaji aliona vitu vilivyotumika. Tukatembea mpaka kwa fundi anayeuza vyombo vya mitumba, akavitaja vyote pamoja 40,000. Tukaandika hiyo, pamoja na jina la kila kitu na tarehe. Kuanzia siku hiyo friji si la Mpishi tena. Ni la hoteli. Likiungua, limeungulia wote.

Kwa hiyo mtaji wote ni 400,000, Mfugaji ana robo tatu na Mpishi ana robo. Ni hesabu rahisi, lakini bila kuiandika ingepotea, kwa sababu ya jambo ambalo wengi hawalijui.

Sheria ya ubia ya Kenya, ya mwaka 2012, haikulazimishi kuandika mkataba. Watu wawili wakifanya biashara pamoja kwa nia ya kupata faida, tayari ni wabia, hata kama walipatana kwa mdomo chini ya mwembe. Ila msipopatana jinsi ya kugawana, sheria itawapatia mpango wake: faida nusu kwa nusu, hasara nusu kwa nusu, na hakuna mbia wa kudai mshahara kwa kufanya kazi ya ubia.

Tuseme hoteli inabakisha 42,000 kwa mwezi kabla ya wabia kupata chochote. Kwa mpango wa sheria kila mmoja anapata 21,000. Mpishi atasema: mimi niko jikoni tangu alfajiri mpaka usiku, napata sawa na mtu anayekuja jioni kuhesabu pesa. Mfugaji atasema: mimi nimeuza ng'ombe sita, napata sawa na mtu aliyeleta friji kuukuu. Kila mmoja ataona ameonewa, na kila mmoja atakuwa na hoja. Sheria haikukosea. Imewafanya sawa watu ambao hawakusema kwamba hawako sawa.

Kuna kosa lingine linalofanana na hili. Walikuwa wanataka kusajili jina la hoteli kupitia eCitizen, na walidhani cheti kile ndicho mkataba. Cheti kinaonyesha kwamba jina hili ni la watu hawa wawili. Nani aliweka kiasi gani, nani anapata nini, nani atabaki na nini, hakisemi.

*

Kwenye faida tulikaa jioni mbili nzima. Mpishi alitaka nusu. Alisema bila mikono yake hakuna hoteli, kuna chumba chenye friji. Mfugaji akasema bila ng'ombe zake hakuna hata chumba. Wote walisema kweli, na ndiyo maana hawakuweza kumalizana.

Mfugaji akaenda kumuuliza ustadhi wake, akarudi na jibu lililotufungua. Pwani yetu Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Imamu Shafi. Katika madhehebu hayo, watu wawili waliochanganya mali zao hugawana faida na hasara kwa kadiri ya mali waliyoweka. Huwezi kumwongezea mmoja fungu la faida kwa sababu amefanya kazi zaidi. Kazi ina ujira wake, na ujira huhesabiwa peke yake. Wahanafi ni wepesi zaidi kwenye faida, wanaruhusu watu wapatane fungu lolote, lakini hata kwao hasara hufuata mtaji. Na pale ambapo mmoja ametoa pesa zote na mwenzake kazi tu, hiyo huitwa mudharaba: faida wanagawana walivyopatana, hasara ikija mwenye pesa hupoteza pesa, mwenye kazi hupoteza jasho lake.

Mpishi si Mwislamu, na hakuna aliyemtaka afuate madhehebu ya mtu. Lakini alilipenda wazo kwamba kazi na mtaji ni vitu viwili. Alikuwa anadai nusu ya faida kwa sababu hakuona mlango mwingine wa kudai malipo ya kazi yake. Tulipofungua mlango huo, madai ya nusu yakapungua yenyewe.

Wakapatana hivi. Mpishi atalipwa mshahara wa 18,000 kwa mwezi, kama gharama ya hoteli, sawa na mkaa na kodi. Kinachobaki baada ya gharama zote ndicho faida, nacho kinagawanywa robo tatu kwa robo. Kwenye mwezi ule wa 42,000, Mpishi anachukua mshahara wake, inabaki faida ya 24,000. Mfugaji anapata 18,000. Mpishi anapata 6,000, na jumla yake inakuwa 24,000. Anayefanya kazi kila siku anapata zaidi kwa mwezi, na aliyeweka mali nyingi anapata zaidi katika faida. Mwezi wa njaa, mauzo yasipotosha, Mpishi atachukua nusu ya mshahara, na nusu nyingine itaandikwa kama deni la hoteli, litakalolipwa kabla ya faida yoyote kugawanywa.

Mfugaji akauliza, "Na mimi nikija jioni kuhesabu, hiyo si kazi?" Tukamwambia ni kazi, sema tu unataka ngapi. Akafikiri, akasema, "Hiyo acheni. Hiyo naitoa." Nikaiandika: kazi ya jioni ya kuhesabu haina malipo, kwa hiari yake. Alinishangaa. Nikamwambia, nimeiandika ili ibaki hisani. Usije mwaka kesho ukaidai.

*

Kuna kutoka kwa siku moja na kuna kutoka kidogo kidogo kila siku. Biashara nyingi ndogo huuawa na huku kwa pili: mia tano ya nauli kutoka kwenye droo, kilo mbili za nyama zinazokwenda nyumbani, na sahani za jamaa.

Kwetu huwezi kuwa na hoteli na usilishe jamaa. Shangazi akipita kutoka Ngao amechoka, hutamuuliza pesa. Binamu aliyeleta mbuzi mnadani akaingia, utamkaribisha. Lakini kila mmoja wa hawa wawili ana shangazi zake na binamu zake, na sahani moja ya wali na nyama si ya wote kwa usawa. Robo tatu yake imetoka kwa Mfugaji. Mpishi akimlisha jamaa yake, analisha kwa mali ya mwenzake zaidi kuliko yake. Na Mfugaji atafanya nini? Atakataza shangazi wa rafiki yake kula? Hawezi. Atanyamaza, na kunyamaza kutakuwa deni ambalo mwenzake halijui.

Walipatana sahani tatu kwa siku kwa kila upande, bila maswali. Zinazozidi zinaandikwa kwenye daftari la kaunta kwa jina la mbia aliyekaribisha, na zitakatwa kwenye fungu lake mwisho wa mwezi. Mgeni haambiwi kitu. Kwake yeye chakula ni cha bure, na aliyemlisha sasa anajulikana.

Na pesa za Lipa na M-Pesa? Namba ya kulipia ilikuwa imeshaombwa kwa jina la mmoja wao, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Nikawaambia wajiulize siku mbili zijazo ambapo huyo mmoja hayupo: siku anaumwa na siku amekasirika. Wakaenda kuibadilisha, isimame kwa jina la biashara, na pesa ziingie akaunti ya benki inayotaka sahihi za wote wawili.

*

Halafu tukarudi kwenye swali langu la kwanza. Mmoja akitaka kutoka?

Niliwaomba wafanye hesabu ya kubuni. Miezi kumi na minane imepita. Faida ya kila mwezi imegawanywa na kuliwa. Mfugaji anataka kwenda kuoa, anataka pesa zake. Ngapi?

"Laki tatu," akasema bila kufikiri. "Si ndizo nilizoweka?"

Hapo ndipo marafiki wengi huumizana, kwa hiyo tulienda polepole. Zile 400,000 zilikwenda wapi? Vyombo na samani zilichukua 260,000, pamoja na friji na sufuria za Mpishi. Bati, rangi, sinki na leseni ya kaunti zikala 90,000. Zilizobaki, 50,000, zikawa bidhaa za kwanza na pesa za kuzungusha. Sasa tuhesabu kilichopo leo. Vyombo vilivyotumika vinaweza kuuzwa 210,000. Mchele, mafuta na unga stoo ni 15,000. Benki kuna 55,000. Wateja wanadaiwa 30,000, lakini nusu yao hawatalipa, tunawajua, kwa hiyo andika 15,000. Jumla 295,000. Hoteli nayo inadaiwa 45,000 na wauza nyama na mwenye duka la jumla. Toa hizo. Inabaki 250,000.

Robo tatu ya hizo ni 187,500. Hizo ndizo za Mfugaji. Si laki tatu.

Alikasirika kama kwamba tumemnyang'anya kweli. "Laki na ushee zimeenda wapi?" Zimeenda kwenye rangi, ambayo huwezi kuibandua ukaiuza. Zimeenda kwenye miezi kumi na minane ya moto chini ya sufuria. Mtaji si mkopo. Ungekuwa mkopo, angerudishiwa laki tatu hata hoteli ikifa, na asingepata faida hata mwezi mmoja. Aliyeweka mtaji amekubali kwamba pesa zake zitageuka kuwa vitu, na vitu huchakaa. Ni afadhali mtu akasirikie hesabu ya kubuni leo kuliko ya kweli baadaye. Alitoka nje, akanunua maji, akarudi. "Andika," akasema.

Mpishi naye alikuwa na zamu yake ya kuumia. Atazitoa wapi 187,500? Akilazimishwa kulipa kwa mara moja, atauza friji, na hoteli imekufa. Kwa hiyo wakaandika: anayetaka kutoka atoe taarifa ya miezi mitatu, hesabu ifanywe kwa namna hii hii, na anayebaki alipe kwa miezi kumi na miwili. Hiyo ni 15,625 kwa mwezi. Kwenye mwezi wa faida ya 24,000, ambayo sasa ni ya Mpishi peke yake, anabaki na 8,375 juu ya mshahara wake. Ni kubanwa, lakini anaweza kuishi.

Mimi nilikuwa nimekuja na wazo nililolisoma mahali nikalipenda sana. Watoto wawili wakigawana mkate, mmoja akate, mwingine achague. Vivyo hivyo kwa wabia: mmoja ataje bei ya hoteli, mwenzake achague kununua au kuuza kwa bei hiyo. Anayetaja atalazimika kuwa mkweli, kwa kuwa hajui atakuwa upande gani.

Mpishi ndiye aliyelivunja. "Yeye anajua mimi sina pesa," akasema. "Atataja bei ya chini, anajua siwezi kununua. Nitauza tu." Nikanyamaza. Kanuni ya kukata na kuchagua ni ya haki kati ya watoto wenye njaa sawa. Kati ya mtu mwenye ng'ombe na mtu mwenye mikono, inampa mwenye ng'ombe kisu na mkate vyote viwili. Tukaifuta.

Mfugaji naye alitaka kifungu kwamba Mpishi akitoka asifungue hoteli Garsen kwa miaka mitano. Nilielewa hofu yake, wateja hufuata mkono. Lakini Garsen ni ndogo. Kumkataza mpishi kupika Garsen miaka mitano ni kumwambia ahame kwao. Kenya ina sheria kuhusu mapatano yanayomzuia mtu kufanya kazi yake, na mahakama inaweza kukikataa kifungu kisicho cha busara. Hata bila sheria, rafiki hawezi kununua mikono ya rafiki yake kwa miaka mitano kwa sababu tu waliwahi kushirikiana. Wakapatana kwamba jina la hoteli libaki na anayebaki, na anayetoka asifungue ndani ya stendi kwa miezi sita. Kwingine kote apike apendavyo.

*

La mwisho ni kuvunja kabisa, wote wawili kuondoka. Huku hatuhitaji mawazo mengi kupata mfano. Novemba 2023 mto ulifurika, barabara ya kwenda Lamu ikakatika pale Gamba, na abiria wakabaki upande huu na upande ule wakisubiri boti. Mwaka 2018 mafuriko yalikuwa yamekuja pia, na 2024 yakaja tena. Hoteli inayotegemea abiria haina la kufanya barabara ikikatika. Inaendelea kulipa kodi, mfanyakazi anaendelea kuwa na njaa, na kila mbia anasubiri mwenzake awe wa kwanza kusema tufunge, ili lawama iwe yake.

Kwa hiyo hatukutaka mtu aseme. Tuliandika kwamba hoteli ikipata hasara miezi mitatu mfululizo, watakaa chini na daftari mbele ya mashahidi wao, na kila mmoja ana haki ya kuvunja ubia bila kuitwa mwoga. Vitu viuzwe, kisha pesa zilipe kwa mpangilio: kwanza watu wa nje, maana yake mfanyakazi, muuza nyama, mwenye duka. Pili, deni lolote la hoteli kwa mbia, kama zile nusu za mishahara. Tatu, mitaji. Kikibaki kitu, kigawanywe kama faida.

Na kama hazitoshi? Tuseme vitu vimeuzwa 80,000 na madeni ni 120,000. Pengo ni 40,000. Kati yao wawili, Mfugaji anatoa 30,000 na Mpishi 10,000. Lakini niliwaonya kwamba hayo ni mapatano yao wenyewe. Mwenye duka hayamhusu. Katika ubia wa kawaida kama huu, anaweza kumdai zote 40,000 yule atakayempata kwanza, na huyo ndiye atakayemfuata mwenzake baadaye. Saini ya mmoja kwenye karatasi ya mkopo wa mchele inawafunga wote wawili, mpaka kwenye mali za nyumbani. Hapo ndipo nilipoona wametazamana kwa uzito kuliko jioni zote. Wakaongeza wenyewe: hakuna kukopa zaidi ya 10,000 bila wote wawili kukubali.

Kesi ikitokea, waende wapi? Mfugaji alidhani kwa Kadhi. Kwa Katiba, mahakama ya Kadhi inahusika na ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu, kati ya Waislamu waliokubali kwenda huko. Hesabu za hoteli si zake. Wakachagua mzee mmoja kutoka kila upande, wapewe siku thelathini, na wakishindwa, Mahakama ipo hapa hapa Garsen. Wazee hao ndio waliosimama kuwa mashahidi. Nakala zikawa tatu, moja kwa kila mbia na moja kwa wazee. Jumla zilikuwa kurasa nne.

Mwezi wa kwanza nilipita kula. Mpishi alikuwa amelisha wageni wake watatu tangu mchana. Shangazi yake akaingia, mgeni wa nne, akaketi, akaletewa wali na samaki. Mpishi akafungua daftari, akaandika jina lake mwenyewe na sahani moja. Jioni Mfugaji alipokuja kuhesabu aliona mstari ule, akauliza ni nani. Akaambiwa. Akachukua kalamu, akakata jina la Mpishi, akaandika lake.

"Yule ni shangazi yangu pia," akasema, akaendelea kuhesabu.